Jinsi ya Kujua Moto wa Pori Utakimbilia Wapi na kwa Kasi Gani: Mwongozo kwa Wenye Mashamba Pembeni ya Lubumbashi

Kila mwaka mwezi wa tano ukiisha na majani yakianza kugeuka rangi, maswali ni yale yale. Moshi ule kule ng'ambo utafika kwangu? Nina dakika ngapi? Kwa nini shamba la jirani liliungua lote na langu likapona, au kinyume chake? Wengi wanaouliza ni watu wa mjini walionunua hektari moja au mbili kwenye barabara ya Kasenga, ya Kipushi au ya Likasi, wakapanda mihogo, maembe, miti ya mbao, na bado hawajaishi na moto wa pori miaka mingi.

Hapa nitakuonyesha jinsi ya kusoma shamba lako na kilicholizunguka, ili ujue moto ungetoka wapi, ungekwenda kwa kasi gani, na wewe ufanye nini mapema. Sitakufundisha kuzima moto mkubwa. Moto mkubwa wa majani marefu ukisukumwa na upepo hauzimwi kwa matawi, na ni bora ukubaliane na jambo hilo leo ukiwa umekaa nyumbani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Fimbo moja iliyonyooka ya mita 1, chupa ya plastiki yenye mfuniko na maji nusu, futi ya kupimia au rula, saa (ya simu inatosha), karatasi na kalamu. Kwa kazi ya kusafisha na kuchoma ukanda utahitaji majembe, mapanga, reki, pompa ya mgongoni, mabido ya maji yaliyojazwa na kupelekwa shambani kabla, na watu wasiopungua wanne. Nguo ziwe za pamba na viatu vilivyofungwa. Nailoni ikipata joto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Kitu kimoja cha kuelewa kabla hatujatembea: moto hausogei peke yake, unasogea kwa kukausha na kupasha joto kile kilicho mbele yake mpaka nacho kiwake. Chochote kinachofanya kilicho mbele kipate joto haraka zaidi kinauongezea mwendo. Ukavu unapunguza kazi ya kukausha. Upepo unazilaza ndimi juu ya majani ambayo bado hayajawaka. Mwinuko unayaleta majani ya juu karibu na ndimi. Hayo matatu ndiyo utakayoyapima.

Hatua ya 1: Tembea uangalie kuna nini cha kuungua

Zunguka shamba lako kwa nje, mita 300 hivi kila upande. Usiangalie miti kwanza, angalia kilicho chini. Kwetu moto unabebwa na majani marefu na majani ya miti yaliyoanguka. Magogo na vigogo vya miti havikimbizi moto. Vinawaka nyuma, vinafukuta, na vitakusumbua kesho yake.

Majani marefu ya savana yanayofika kifuani au kupita kichwa ndiyo ya kuogopa zaidi. Kila shina ni jembamba, hewa inapita katikati, na yote yamesimama. Shina kama hilo linafuata hali ya hewa kwa haraka sana: asubuhi lina umande, na jua likipanda, ndani ya saa moja au zaidi kidogo limekauka tayari kuwaka. Gogo la unene wa paja linahitaji wiki nyingi. Ndiyo maana mvua ya siku moja mwezi wa kumi haikuhakikishii chochote kesho yake mchana.

Ndani ya miombo ambayo haijakatwa mambo ni tofauti. Matawi yanavunja upepo, kivuli kinazuia majani marefu yasiote kwa wingi, na moto unatembea chini juu ya majani makavu yaliyoanguka, mara nyingi ukiwa chini ya goti. Lakini mahali wachoma makala wamekata miti, jua limeingia, majani marefu yameota, na matawi wasiyoyatumia yamelala chini. Pale moto unakwenda kama wa savana, na ndimi zake ni ndefu zaidi kwa ajili ya yale matawi. Watu wengi wanaona "msitu" kwenye ramani vichwani mwao wakati msitu huo uliisha miaka kadhaa iliyopita. Nenda ukaangalie kwa macho, na unachokiona ukichore kwenye karatasi yako.

Angalia pia dembo, yaani bonde la majani linaloshika maji wakati wa mvua, kama lipo karibu. Mwezi wa tano na wa sita ardhi yake bado ina maji na majani ni mabichi, kwa hiyo linazuia moto. Mwezi wa nane likikauka linakuwa njia kuu ya moto, kwa sababu halina mti wa kuvunja upepo hata mmoja. Kosa la kawaida ni kuliona dembo mwezi wa sita na kulitegemea mwezi wa tisa.

Hatua ya 2: Pima ukavu kwa mikono

Chukua shina la jani refu, likunje. Likipinda bila kuvunjika, bado lina maji. Likikatika kwa mlio, limekauka. Kisha chukua majani ya mti yaliyoanguka, yafinye kiganjani. Yakibaki yamekunjamana tu, bado. Yakigeuka unga, tayari.

Halafu pima ni sehemu gani ya majani ya porini bado ni kijani. Shika konzi ya majani sehemu kumi tofauti, uhesabu konzi ngapi zimekauka. Zikiwa chini ya tano, moto unahangaika kusonga, unakufa wenyewe mahali pengi. Zikifika nane au tisa, hakuna tena kijani cha kuushikilia. Kati ya hapo ndipo penye nafasi yako ya kazi, na nafasi hiyo haidumu.

Fanya kipimo hiki saa nane mchana. Ukipima asubuhi mwezi wa saba, wakati baridi na umande vipo, utapata majibu mazuri yasiyo ya kweli.

Hatua ya 3: Soma upepo

Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka zaidi kusini-mashariki. Maana yake moto wa hatari kwa shamba lako mara nyingi utatoka upande huo, na upande huo ndio wa kushughulikia kwanza. Lakini usiishie hapo, kwa sababu mahali pako panaweza kuwa na bonde au kilima kinachogeuza upepo.

Kasi unaweza kuikadiria bila kifaa. Ukiusikia usoni na majani ya miti yanachakarika, ni kama kilomita 6 hadi 11 kwa saa. Majani na vijitawi vidogo vikitikisika bila kupumzika, ni 12 hadi 19. Vumbi na karatasi zikiinuka barabarani na matawi madogo yakiyumba, ni 20 hadi 28, na siku hiyo hakuna mtu anayepaswa kuwasha kitu chochote.

Sasa jifunze sura ya moto wenyewe. Moto ukianzia sehemu moja na upepo ukavuma, unarefuka. Una kichwa kinachokimbia na upepo, mbavu mbili zinazopanuka polepole pembeni, na mkia unaorudi nyuma dhidi ya upepo kwa mwendo mdogo kabisa. Kichwa ndicho chenye ndimi ndefu. Mkia, hata kwenye majani yale yale siku ile ile, mtu anaweza kuukaribia.

Hapa kuna jambo linaloumiza watu wazima wenye uzoefu. Moto ukishakwenda mbali, mbavu zake zinakuwa ndefu, pengine mita mia kadhaa. Upepo ukigeuka ghafla, ubavu wote unakuwa kichwa kwa mara moja. Mtu aliyekuwa amesimama pembeni salama anajikuta mbele ya moto mpana kuliko ule wa mwanzo. Mwezi wa tisa na wa kumi, mawingu ya mvua za kwanza yanapojikusanya, upepo mkali hutangulia mvua na kuvuma kutoka upande wowote, mara nyingine mvua yenyewe isinyeshe. Ukiona wingu jeusi na moto uko jirani, ondoka pembeni mwa moto, usisubiri mvua ikusaidie.

Hatua ya 4: Pima mwinuko kwa fimbo na chupa

Simama mahali penye mteremko ukitazama chini. Weka ncha moja ya fimbo ya mita 1 chini kwenye ardhi, upande wa juu wa mteremko, na ncha nyingine ielekee chini huku umeishikilia hewani. Laza chupa juu ya fimbo. Inua au shusha ncha ya hewani mpaka maji ndani ya chupa yalale sawasawa kutoka mfuniko hadi kitako. Sasa pima kutoka ncha hiyo ya hewani mpaka ardhini.

Sentimita 18 ni nyuzi 10. Sentimita 36 ni nyuzi 20. Rudia mahali patatu au pane uchukue cha katikati, maana ardhi ina mashimo na vichuguu.

Kanuni inayotumiwa na watu wa moto ni hii: moto unaopanda, mwendo wake huongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10. Kwa hiyo nyuzi 10 ni mara 2, nyuzi 20 ni mara 4. Unaoshuka hupungua, kwa nyuzi 10 unabaki karibu nusu. Ni makadirio, na zaidi ya nyuzi 20 usiyatumie kabisa, kwa kuwa ndimi huanza kulala juu ya ardhi na mwendo unaruka zaidi ya hesabu.

Mchana hewa iliyopashwa joto na jua hupanda mlima, usiku inashuka. Mchana, basi, mwinuko unaleta na upepo wake juu yake. Korongo jembamba lenye majani ni baya kuliko mteremko ulio wazi, kwa sababu linakusanya joto na hewa pamoja na kuvuta vyote juu.

Lubumbashi yenyewe ni tambarare kwa sehemu kubwa, na mtu anaweza kufikiri hatua hii haimhusu. Ukielekea Likasi vilima vinaanza, na vilima vya shaba havina miti mingi, vina majani tu kwa sababu ya udongo wake. Mteremko wa majani matupu ndio mahali moto unapokimbia kuliko kwingine kote.

Hatua ya 5: Hesabu dakika zako

Kwa majani makavu yaliyosimama, chukua sehemu moja ya tano ya kasi ya upepo. Hiyo ndiyo kasi ya kichwa cha moto kwenye tambarare, kwa kukadiria. Siku kavu sana moto unaweza kuzidi hapo, kwa hiyo usijipe dakika za ziada.

Tuchukue shamba upande wa Likasi, liko juu ya mteremko. Kusini-mashariki, chini, kuna mita 300 za majani makavu tambarare, kisha mteremko wa mita 100 unaopanda mpaka kwenye mihogo. Fimbo imetoa sentimita 18, yaani nyuzi 10. Saa nane mchana mwezi wa nane, vijitawi havitulii: tuseme kilomita 15 kwa saa.

Moja ya tano ya 15 ni kilomita 3 kwa saa, ambayo ni mita 50 kwa dakika. Mita 300 za tambarare zinakwisha kwa dakika 6. Kwenye mteremko kasi inakuwa mara mbili, mita 100 kwa dakika, kwa hiyo mteremko wote unapandwa kwa dakika 1. Jumla dakika 7 tangu moto uingie kwenye majani hayo kule chini. Piga hesabu ya muda wa kuuona moshi, kupiga simu, kuvaa viatu, kuchota maji. Dakika 7 hazitoshi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Weka miombo isiyokatwa badala ya zile mita 300 za majani. Moto wa majani yaliyoanguka chini ya miti hutembea mita chache kwa dakika. Ukichukua mita 4, ni dakika 75. Jirani, upepo, siku vyote ni vile vile, ila sasa una zaidi ya saa nzima. Ninapomsihi mtu asiuze miti ya mpaka wake kwa wachoma makala, hii ndiyo hesabu ninayoifikiria.

Hatua ya 6: Tengeneza ukanda upande ambao hesabu imekuonyesha

Usianze kuzunguka shamba lote. Anza na upande wenye dakika chache.

Lima mistari miwili iliyo sambamba, kila mmoja upana wa mita 2 hadi 3, mpaka udongo uonekane mtupu. Kati ya mistari acha mita 10 za majani. Kisha choma hizo mita 10 mapema, mwisho wa mwezi wa tano au mwezi wa sita, wakati konzi tano au sita kati ya kumi zimekauka. Ukipata jumla ya mita 14 au zaidi za ardhi isiyo na kitu cha kuungua, ndimi za mita 4 au 5 haziwezi kuivuka kwa kulala tu.

Siku ya kuchoma ipange hivi. Waambie majirani na chifu siku moja kabla. Chagua jioni, kuanzia saa kumi, upepo ukiwa mdogo na wa upande mmoja. Usichague siku isiyo na upepo kabisa, kwani moto hautakuwa na mwelekeo na utakuchanganya. Washa ncha ile ambako upepo unaelekea, ili moto urudi dhidi ya upepo polepole ukiwa mkia. Choma kipande cha mita 20, kizime kabisa, ndipo uende kipande kinachofuata. Mtu mmoja mwenye pompa asimame nje ya mstari, akitazama upande ambao haujachomwa, asitazame moto. Wote wakiutazama moto, cheche itakayoangukia nyuma yao haitaonekana.

Umuhimu wa kuchoma mapema ulionekana vizuri ng'ambo ya mpaka, Ndola, ambako majaribio kwenye miombo yalianza mwaka 1933. Vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti na kubaki majani marefu. Vilivyochomwa mapema vilibaki na miti. Mwezi wa tisa miombo inatoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, huku majani ya chini yakiwa makavu kabisa. Moto wa wakati huo ni mkali na unaikuta miti ikiwa laini. Kisha miti ikipungua, majani yanaongezeka, na moto wa mwaka unaofuata unakuwa mkali zaidi.

Makosa yanayorudiwa

Kukimbia kupanda mlima mbele ya moto. Moto unaongeza mwendo pale pale wewe unapochoka. Kama njia ipo, toka kwa pembeni, kisha ingia kwenye ardhi ambayo imekwisha kuungua. Hapo hakuna kilichobaki cha kuwaka.

Kufyeka bila kuondoa. Majani yaliyofyekwa na kuachwa chini yanakauka na kuwaka. Ndimi zitakuwa fupi, ndiyo, lakini moto utavuka. Yakokote kwa reki, uyapeleke upande wa ndani wa shamba uyafanye mbolea.

Kuacha tanuru la makala likifukuta karibu na majani wakati wa upepo. Moto mwingi unaodhaniwa umetoka "porini" umetoka hapo.

Mambo yakienda vibaya

*Moto umevuka ukanda uliokuwa mpana.* Tafuta mambo mawili. Kwanza mti mkavu uliosimama ndani ya mita 20 za ukanda: ukiwaka juu, unarusha vipande vinavyowaka mbali. Uangushe kabla ya msimu. Pili, kisulisuli. Mwezi wa nane na wa tisa, ardhi iliyoungua ikiwa nyeusi hupata joto sana, na vimbunga vidogo vya vumbi huinua makaa na kuyapeleka ng'ambo. Kwa hiyo usiondoke ukandani kwa sababu tu ndimi zimezima.

*Moto umefika haraka kuliko hesabu.* Pengine haukuanzia sehemu moja. Moto wa kibiriti kimoja unahitaji muda kufikia kasi yake kamili, lakini moto unaokujia ukiwa tayari na upana wa mita 100 unafika na kasi yote. Wawindaji wa panya wakiwasha mstari mrefu, hesabu ianze na kasi kamili tangu mita ya kwanza.

*Moto umekuwa wa polepole, kisha ghafla umeruka.* Angalia kama umetoka kwenye miti na kuingia mahali palipokatwa, au umefika chini ya mteremko. Mipaka hiyo uiweke kwenye karatasi yako ya hatua ya 1, kwa sababu ndipo mtu anayeusogelea moto mdogo anapokutwa na mkubwa.

*Umezimika jioni, asubuhi unawaka tena.* Gogo, kisiki au mizizi ilikuwa ikifukuta chini ya majivu. Pita mstari wote wa mpaka wa moto, mita 10 kuelekea ndani, ukisogeza mgongo wa mkono juu ya kila gogo bila kuligusa. Ukisikia joto, lichimbue, limwagie maji, koroga majivu na udongo kwa jembe, mwaga tena, kisha upime tena kwa mkono. Maji yaliyomwagwa juu tu hayafiki kwenye mzizi. Rudi saa nne asubuhi, umande ukishaisha, na tena saa nane upepo ukipanda, na fanya hivyo siku mbili mfululizo.